Fulana ya Sufu kwa Mpanda Kilimanjaro

Katika orodha ya vifaa ambayo kampuni za utalii za Moshi humpa mgeni kabla ya kupanda Kilimanjaro, kuna mstari mmoja unaowashangaza wengi: fulana na suruali ya ndani ya kuzuia baridi, na isiwe ya pamba. Mtu aliyezoea kuambiwa kwamba pamba ndiyo nguo bora kwa ngozi huusoma mara mbili. Akiingia dukani kuulizia, huonyeshwa nguo za aina mbili. Moja ni ya poliesta, nyepesi na ya bei ya kawaida. Ya pili ni ya sufu ya kondoo wa merino, nyembamba na laini, na bei yake humfanya mtu airudishe haraka pale alipoitoa.

Sufu ambayo wengi wetu tunaijua ni ya sweta la shule, ile iliyotuwasha shingoni. Kuwasha kule hakuna siri. Uzi mnene, hasa unaozidi mikroni 30, ni mgumu kiasi kwamba ncha yake huichoma ngozi badala ya kupinda. Sufu ya merino inayotumika kwa fulana za ndani huwa na mikroni 17 hadi 19 hivi, chini ya nusu ya unene wa unywele wa kawaida wa binadamu, na kwa hiyo ncha zake hupinda zikigusa mwili. Kondoo hao asili yao ni Hispania. Mwaka 1797 baadhi yao walinunuliwa Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, wakapelekwa Australia, nchi ambayo leo inaongoza duniani kwa sufu hiyo laini.

Ili kuona kwa nini mpanda mlima aihangaikie nguo ya namna hii, tufuate njia ya Machame. Siku ya kwanza hupita kwenye msitu wa mvua. Hewa ni nzito, mtu anapanda kwa saa kadhaa na mzigo mgongoni, jasho linamtoka, na mara nyingi mvua inamkuta humo humo. Jioni anafika kambini karibu mita 2,900 juu ya usawa wa bahari, jua linazama na baridi inashuka kwa ghafla. Siku chache baadaye, karibu na usiku wa manane, ataondoka kambi ya Barafu kuelekea kilele cha Uhuru chenye mita 5,895, kwenye baridi inayoweza kushuka hadi nyuzi 15 chini ya sifuri. Katika siku zote hizo hakuna bafu, na nguo ikifuliwa haikauki.

Hapo ndipo pamba inapomwangusha mtu. Hunywa jasho, ikalowa, ikalala juu ya ngozi, na maji yale yakaanza kuuvuta joto mwili. Unyoya wa merino umeumbwa tofauti. Nje umefunikwa na vipande vidogo vilivyopandana kama magamba ya samaki, tena vyenye utando mwembamba wa mafuta unaosukuma matone ya maji. Ndani, kinyume chake, unapenda maji na hufyonza mvuke wa jasho kabla haujawa tone. Sufu inaweza kubeba maji yanayofikia karibu asilimia 30 ya uzito wake na bado mvaaji asijisikie amelowa. Fulana ya gramu 200 ina maana inaweza kuficha gramu 60 za maji ndani ya nyuzi zake. Poliesta haifiki hata asilimia moja. Yenyewe huyasambaza maji juu ya uso wa nyuzi ili yakauke upesi.

Kuna jambo jingine la ajabu kidogo. Sufu inapofyonza mvuke hutoa joto. Mtu akitoka kwenye hema kavu kuingia kwenye ukungu, nguo yake hupata joto kidogo kwa muda, kisha hali hiyo huisha nyuzi zikishashiba. Wauzaji hupenda kulitia chumvi jambo hili. Kinachosaidia zaidi ni kwamba nyuzi za merino zimejikunja kiasili na hazilali hata zikiwa na unyevu, hivyo hewa inayozuia baridi hubaki katikati yake.

Lakini kubaki na joto ukiwa na unyevu si sawa na kubaki na joto ukiwa chepechepe. Fulana ya merino iliyolowa mvua kabisa huwa nzito, hupoteza sehemu kubwa ya joto lake, na huchukua muda mrefu kukauka kuliko ya poliesta. Mpanda mlima aliyeacha koti la mvua chini ya begi hataokolewa na kondoo. Waongozaji husisitiza kupanda polepole kwa sababu ya hewa nyembamba, ila mwendo huo huo humlinda mtu na jasho la kupita kiasi, na nguo hii hufanya kazi vizuri pale jasho linapokuja kidogo kidogo.

Sasa kikwapa. Jasho likitoka mwilini halina harufu ya maana; bakteria wa ngozini ndio wanaolivunjavunja na kuzalisha ile harufu. Wengi huamini kwamba sufu huwaua bakteria hao. Utafiti wa watu wa Chuo Kikuu cha Otago, Nyuzilandi, uliochapishwa mwaka 2007, ulilinganisha vitambaa vya sufu, pamba na poliesta vilivyovaliwa kwapani. Poliesta ilinuka kuliko vyote na sufu ilinuka kidogo zaidi, ingawa bakteria walikuwamo ndani ya sufu pia. Tofauti iko kwenye harufu yenyewe. Sufu huimeza ndani ya nyuzi zake pamoja na mvuke, ikaitoa polepole au ikaiachia majini wakati wa kufuliwa. Poliesta hupenda mafuta, na mafuta ya mwili huganda juu yake yakiwa na harufu. Ndiyo maana jezi ya mpira iliyofuliwa ikakauka vizuri huanza kunuka tena mara tu mwili unapopata joto.

Kwa mtu anayefua kila siku, faida hiyo ni ndogo. Kwa anayelala hemani wiki nzima na mwenzake ni kubwa mno, na mwenzake ndiye shahidi bora.

Udhaifu wa merino uko kwenye ule ule wembamba unaoifanya laini. Uzi wa mikroni 17 hukatika upesi, na matundu huanza mahali panapojulikana: mabegani chini ya mikanda ya begi, kiunoni panapofungwa mkanda wake, na viwikoni. Kitambaa cha gramu 150 kwa mita ya mraba kinafaa kwa kutembea kwenye joto lakini hakistahimili begi zito kwa miaka mingi. Cha gramu 200 hadi 250 hudumu zaidi na ndicho kinachofaa usiku wa kilele. Watengenezaji wengi siku hizi huchanganya nailoni ya asilimia 10 hadi 15 ili kuupa uzi nguvu. Wanaotaka sufu tupu hununa, ila kwa mbeba begi mchanganyiko huo ni uamuzi wa busara. Harufu haiongezeki kwa kiasi cha kuhisiwa na nguo huishi zaidi. Adui mwingine hukaa kabatini: viwavi vya nondo wa nguo hula sufu, hasa ile iliyohifadhiwa na jasho. Ifuliwe kwanza, ndipo ifungwe kwenye mfuko usiopitisha wadudu.

Bei ndiyo kizuizi kikubwa. Fulana mpya ya mikono mirefu katika maduka ya Ulaya au Marekani mara nyingi huuzwa kati ya dola 80 na 120, mara mbili au tatu ya ile ya poliesta. Afrika Mashariki nyingi hufika kwa njia nyingine: wageni huwaachia wapagazi nguo zao baada ya kushuka mlima, au huja ndani ya marobota ya mitumba. Kwenye soko la Memorial mjini Moshi au Gikomba jijini Nairobi, fulana ya merino inaweza kulala kwenye rundo moja na fulana za kawaida kwa sababu hakuna aliyesoma lebo. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mdogo upindoni na uuchome. Sufu hunuka unywele ulioungua, huzima moto ukiondolewa, na huacha jivu linalosagika vidoleni. Poliesta huyeyuka na kuganda kuwa kidonge kigumu. Kisha inua nguo kwenye mwanga uone sehemu zilizopungua, na uivute. Ikiwa nene, ngumu, haivutiki, na vitanzi vya ufumaji havionekani tena, mwenye nayo wa kwanza aliiharibu kwa kuifua.

Na kuharibika huko kunahitaji maelezo, maana mtindo wetu wa kufua ndio hasa unaokuleta. Magamba ya unyoya wa sufu yote yameelekea upande mmoja. Nguo ikiwa kwenye maji ya moto na sabuni kisha ikafikichwa, nyuzi husogea, magamba yakanasana, na hayarudi nyuma. Kila mfikicho huzikaza zaidi mpaka fulana ya mtu mzima inamtosha mtoto. Kusinyaa kwa namna hiyo hakuna dawa. Ni tofauti na kule kujivuta kidogo kwa mara ya kwanza kufuliwa, ambako nguo ikivutwa taratibu ingali na maji hurudi karibu na kipimo chake.

Fulana nyingi za kisasa zilizoandikwa kuwa zinafaa mashine zimepunguziwa hatari hii kiwandani: magamba hulainishwa kwa klorini, kisha uzi hupakwa utando mwembamba wa plastiki. Hazijapewa kinga kamili. Mashine ya kukaushia kwa joto bado inaweza kuzipunguza.

Njia salama ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Tumia maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 30 na shampuu kidogo ya nywele, kwa kuwa sufu na nywele zimeundwa kwa protini ya aina moja. Loweka dakika tano hadi kumi, bonyezabonyeza bila kufikicha, kisha suuza kwa maji ya joto lile lile. Usikamue kwa kusokota. Izungushie ndani ya taulo kavu na uikandamize. Ianike ikiwa imelazwa kivulini, maana ikitundikwa uzito wa maji utairefusha. Sabuni za unga zenye vimeng'enya vya kuondoa madoa hula protini ya sufu, na jiki huiyeyusha kabisa.

Kwa anayejiandaa kupanda Kilimanjaro na fedha zake si nyingi, fulana moja ya merino yenye mchanganyiko wa nailoni, ya gramu 200 hivi, ivaliwe kambini na usiku wa kilele. Mchana msituni, penye jasho jingi na mikanda ya begi, poliesta ya bei nafuu inatosha.