Kufuli la Faiba kati ya Swichi Mbili

Tuseme chama cha akiba na mikopo kina ofisi kuu upande mmoja wa barabara, na jengo la kumbukumbu liko upande wa pili. Katikati kuna faiba ya mita 400. Inashuka ghorofani, inapita kwenye chemba ya wapangaji wote, inavuka chini ya lami na kupanda jengo la pili. Vyumba vya swichi vina mlango wa chuma na kamera, lakini chemba ina mfuniko tu. Mtu mwenye kifaa kidogo cha kubana anaweza kuikunja faiba kidogo, mwanga ukavuja kiasi cha kusomeka, na mawasiliano yakaendelea bila mtumiaji kuhisi lolote.

Kwa njia ya namna hii ndiko MACsec inakofaa. Ni kanuni iliyotolewa na taasisi ya wahandisi ya IEEE mwaka 2006 kwa jina la 802.1AE. Swichi ya kwanza hufunga kila fremu ya Etheneti inapotoka kwenye poti, na ya pili huifungua inapoingia. Anwani za vifaa, yaani ya mtumaji na ya mpokeaji, hubaki wazi. Kilichomo ndani, pamoja na alama ya VLAN katika mpangilio wa kawaida, hakisomeki. Kila fremu pia hubeba muhuri wa baiti 16, kwa hiyo aliyebadilisha hata biti moja njiani atagundulika na fremu yake itatupwa.

Ulinzi huu ni wa hatua moja. Data ikishaingia ndani ya swichi huwa wazi tena. Kukiwa na swichi ya tatu katikati, kila kipande cha njia kinahitaji kufuli lake.

Swichi hizi zinakubaliana vipi ufunguo? Hapa ndipo mafundi wengi hukwama, na sababu ni kwamba funguo ziko ngazi mbili. Msimamizi huandika ufunguo mkuu pande zote mbili, uitwao CAK, pamoja na jina lake, CKN. Ufunguo mkuu haufungi data hata fremu moja. Kazi yake ni kuzaa funguo mbili ndogo: wa kwanza huthibitisha kwamba ujumbe umetoka kwa mwenzako halisi, wa pili hufungia ufunguo wa kazi unaposafirishwa. Huo wa kazi, SAK, ndio unaofunga data. Hutungwa na swichi moja tu, iliyochaguliwa kuwa mtunza funguo. Yenye namba ndogo ya kipaumbele ndiyo inayoshika nafasi hiyo. Mazungumzo haya yote huitwa MKA, na yaliwekwa kwenye kanuni ya 802.1X ya mwaka 2010. Swichi husalimiana kila sekunde 2, na moja ikinyamaza kwa sekunde 6 mwenzake huhesabu kwamba haipo.

Kwa nini kuwe na ngazi mbili? Kwa sababu ufunguo wa kazi huisha. Kila fremu hupewa namba, na chini ya ufunguo mmoja namba haitakiwi kurudiwa kamwe. Ikirudiwa, hesabu ya usimbaji yenyewe huvunjika. Namba ya biti 32 inatosha fremu bilioni 4.29. Ni nyingi, lakini njia ya gigabiti 10 iliyojaa fremu ndogo kabisa hupitisha fremu milioni 14.88 kwa sekunde, hivyo namba zote humalizika ndani ya dakika 5. Kwenye gigabiti 100 hazifiki hata sekunde 30. Mtunza funguo hutunga ufunguo mpya kabla namba hazijaisha, bila njia kukatika. Kwa njia za kasi hiyo iliongezwa namba ya biti 64, iitwayo XPN, na kwa maoni yangu njia ya gigabiti 100 isiwekwe bila hiyo.

Kwenye swichi ya Cisco Catalyst 9300, kazi ya chama chetu ingeonekana hivi:

```
key chain FAIBA macsec
 key 0a01
  cryptographic-algorithm aes-128-cmac
  key-string 7d20f4a9c1583be6902ed74a5c16b83f
mka policy MAJENGO
 macsec-cipher-suite gcm-aes-128
interface TenGigabitEthernet1/1/1
 macsec network-link
 mka policy MAJENGO
 mka pre-shared-key key-chain FAIBA
```

Mstari wa `key` ndio jina, na `key-string` ndio ufunguo mkuu wenyewe, tarakimu 32. Tunga wako kwa programu ya kubahatisha. Huu umeshachapishwa gazetini. Anza na jengo la mbali, kisha la karibu. Ukishawasha upande wa mbali njia itakatika hadi upande wako uwashwe, kwa hiyo mtu awepo kule na waya wa konsoli mkononi.

Baada ya hapo andika `show mka sessions`. Ukiona `Secured`, wamekubaliana. Wasipokubaliana, kwanza linganisha jina la ufunguo pande zote, tarakimu kwa tarakimu. Swichi za kampuni tofauti zinaweza kutofautiana katika kujaza sifuri kwenye jina fupi, na ufunguo uleule ukaonekana kuwa na majina mawili.

Kama faiba ni ya mtoa huduma na katikati kuna swichi zake, kuna sababu nyingine. Salamu za MKA hutumwa kwa anwani ambayo swichi za kawaida zimekatazwa kuipitisha, basi humezwa njiani. Mwombe mtoa huduma faiba tupu, au huduma inayopitisha salamu hizo. Mwulize pia ukubwa wa fremu anaoruhusu, kwani MACsec huongeza hadi baiti 32: fremu ya 1522 huwa 1554. Njia ikiwa finyu, kupima kwa ping ndogo kutafaulu huku mafaili makubwa yakikwama.

Kosa baya kuliko yote halionekani. Swichi nyingi zina mpangilio uitwao `should-secure`: makubaliano yakishindikana, data hupita wazi. Taa za poti zinawaka kijani, kazi zinaendelea, na kufuli halipo. Chagua `must-secure`, ili njia ikatike kuliko kuvuja. Usijipime kwa kunakili data ya poti ndani ya swichi yenyewe, maana mara nyingi nakala huchukuliwa kabla ya kufungwa, nayo huonekana wazi hata kama faiba iko salama. Soma hesabu za fremu zilizofungwa kwa `show macsec statistics interface`, uone zinapanda.

Limebaki suala la vifaa, nalo ndilo linalopoteza fedha. Kazi hii hufanywa na chipu iliyo kwenye poti, haiongezwi kwa kusasisha programu. Juniper EX4200 iliiweza kwenye moduli maalumu ya juu peke yake. Catalyst 3750-X ilihitaji moduli ya C3KX-SM-10G kwa poti zake za juu, tena kati ya swichi ilitumia makubaliano ya Cisco yaitwayo SAP, ambayo hayaelewani na MKA. Catalyst 9300 ina chipu tayari, ila funguo za biti 256 zinataka leseni ya Network Advantage. Linux imekuwa na MACsec tangu toleo la 4.6 la mwaka 2016, inayofaa kujifunzia kwa kompyuta mbili za kawaida, ingawa mzigo unaweza kuangukia kichakata.

Kwa hiyo unapoomba bei, usiulize kama swichi ina MACsec. Taja namba kamili ya modeli, poti utakayochomeka faiba, kasi yake na urefu wa ufunguo, na udai jibu kwa maandishi kabla hujasaini.