"Sana" moja, "very" mbili

Barua ya kuomba kazi ya hoteli ina sentensi nne: "I very like this job. I speak fluently English. I do carefully my work. I listen carefully to customers." Tahajia zake zote ni sahihi, na msomaji anaelewa mwombaji anapenda kazi, anajua Kiingereza, ni mwangalifu na anawasikiliza wateja. Hata hivyo, sentensi tatu kati ya hizo zina kasoro. Kila kasoro imetokana na neno kukaa pasipo pake.

Tuanze na "very". Kiswahili kina "sana" moja inayofanya kazi zote: chai ni tamu sana, anakimbia haraka sana, naipenda sana. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo. "Very" hukaa mbele ya kivumishi au kielezi, kama katika "very sweet" na "very quickly", lakini haisimami peke yake mbele ya kitenzi kama "like". Mwanafunzi aliyekwisha kuzoea kwamba "sana" ya Waingereza hutangulia anaipeleka mbele ya kila kitu, na hapo ndipo "I very like" inapozaliwa. Wachina nao huiandika mara nyingi, kwa sababu katika lugha yao neno la "sana" hutangulia hata kitenzi cha kupenda.

Dawa zake ni mbili. Ama aseme "I really like this job", maana "really" huruhusiwa kutangulia kitenzi, ama aseme "I like this job very much". Hiyo ya pili ina mtego: wengi wakishaijua "very much" huandika "I like very much this job", na kumbe wametoka shimo moja wakaingia jingine.

Shimo hilo la pili ndilo lililoziharibu pia sentensi za Kiingereza fasaha na kazi ya uangalifu. Kitenzi cha Kiingereza na kile kinachotendwa hukaa bega kwa bega, na kielezi hakipenyi katikati yao. Kwa hiyo ni "I speak English fluently" na "I do my work carefully". Kiswahili hakina wivu wa namna hiyo. Tunasema "napenda sana chai", na karatasi ya mtihani humwambia mtoto: "Soma kwa makini habari ifuatayo." Karatasi ya Kiingereza kwa kawaida humwambia "Read the following passage carefully", makini ikiwa imesukumwa hadi mwisho.

Kifaransa nacho kinafanana na Kiswahili hapo: "Elle parle couramment l'anglais", yaani anazungumza kwa ufasaha Kiingereza. Mkongo au Mrundi aliyesoma kwa Kifaransa anakuja darasani na lugha mbili zinazomsukuma upande uleule.

Kuling'oa kosa hili si kazi ya siku moja. Mwaka 1991 mwanaisimu Lydia White, wa Chuo Kikuu cha McGill, alichapisha utafiti kuhusu watoto wa Quebec wanaozungumza Kifaransa na kujifunza Kiingereza. Watoto waliofundishwa waziwazi mahali pa vielezi walianza kuzikataa sentensi zenye kielezi kati ya kitenzi na kitendwa. Walipopimwa tena baada ya mwaka mmoja, mafanikio yale yalikuwa yamefifia.

Kujikagua ni rahisi kuliko kukumbuka kanuni. Ukishaandika sentensi, tafuta kitenzi, kisha kiulize "nini?" au "nani?" Speak nini? English. Like nini? This job. Kama kati ya kitenzi na jibu kuna neno la namna au kiasi, liondoe ulipeleke baada ya jibu.

Sasa ile sentensi ya nne. Ukiiuliza "listen nini?" jibu halifuati moja kwa moja, kwa kuwa kuna "to" iliyosimama mlangoni. Panapokuwa na kihusishi kama "to", "at" au "in", kielezi kinaweza kutangulia: "listen carefully to customers", "look carefully at the map". Ndiyo maana "She speaks fluently in English" inapita, ilhali "She speaks fluently English" inakwama, tofauti ikiwa neno la herufi mbili tu.

Waingereza wenyewe huuvunja ubega kwa bega huo kitendwa kikiwa kirefu mno. Mwalimu anaweza kuandika "She explained carefully every rule that the pupils had forgotten", kwa sababu "carefully" ikingoja hadi mwisho, msomaji angedhani wanafunzi ndio waliosahau kwa uangalifu. Kwa "my work", maneno mawili tu, mwombaji wetu hana kisingizio hicho; barua yake iliyosahihishwa inasomeka: "I really like this job. I speak English fluently. I do my work carefully. I listen carefully to customers."