Kumchora Fisi Hata Akatembea

Kinachomtambulisha fisi mwenye madoa hata akiwa mbali ni mgongo wake. Mabega yako juu, nyonga ziko chini, na shingo nene imebeba kichwa kizito kilichoinamishwa. Mchoraji wa katuni akipewa kazi ya kumbuni fisi, mkono wake hukimbilia hapo hapo: anaurefusha mguu wa mbele, anaufupisha wa nyuma, na mteremko wa mgongo unakuwa mkali kama paa. Kwenye karatasi anapendeza sana. Taabu huanza siku ya kumtembeza.

Tuanze na mifupa, kwa sababu humo ndimo makosa mengi yanamozaliwa. Watu husema goti la nyuma la fisi, au la mbwa, linapinda kinyumenyume. Kile kiungo wanachokiona katikati ya mguu wa nyuma si goti, ni kisigino. Fisi husimama juu ya vidole vyake, vinne kila mguu, na kisigino chake kiko hewani daima. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo, nalo hupinda kuelekea mbele kama letu. Mbele napo ni hivyo hivyo: kiwiko kimebanwa kwenye ubavu na huelekea nyuma, na kiungo cha chini yake ni kifundo cha mkono. Anayeyajua haya huweka nukta za viungo kwanza, kisha ndipo anavuta mistari ya mwili. Asiyeyajua humpa mnyama wake goti mahali pa kisigino, na kila hatua mguu utaonekana umevunjika.

Jambo la pili ni bega. Sisi tuna mtulinga unaoufunga mkono kwenye kifua. Fisi hana mtulinga wa kufanya kazi hiyo. Mguu wake wa mbele umeshikwa na misuli tu, kwa hiyo ule mfupa bapa wa bega huteleza juu na chini ubavuni anapotembea. Usipouchezesha mfupa huo, miguu ya mbele itaonekana imepigiliwa misumari kwenye mwili. Ukiuchezesha kidogo tu, ukauacha uchomoze juu ya mstari wa mgongo mguu unapopokea uzito, mtazamaji anauhisi uzito wenyewe.

Sasa turudi kwenye ule mteremko. Tumchore jike, kwa kuwa kwa fisi mwenye madoa jike ndiye mkubwa wa mwili na ndiye mwenye kauli kundini. Tuseme mguu wake wa mbele una sentimita 10 kwenye karatasi, na unapotembea unakwenda nyuzi 25 mbele na nyuzi 25 nyuma. Hatua yake itakuwa kama sentimita 8.5. Miguu ya nyuma haina budi kukata umbali ule ule kwa muda ule ule, maana mnyama ni mmoja. Ukiwa umeufupisha mguu wa nyuma hadi sentimita 5 na kuuchora umenyooka, unyayo utalazimika kufika zaidi ya sentimita 4 mbele ya nyonga, kisha umbali huo huo nyuma yake. Hauwezi kufika huko mpaka nyonga zishuke kutoka sentimita 5 hadi chini ya 3. Matokeo utayaona mara moja: sehemu ya nyuma inadunda kila hatua, au nyayo zinateleza ardhini.

Dawa yake ni kutia chumvi kwenye mkao, na kuiacha mifupa karibu na urefu wake wa kweli. Fisi halisi ana miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, lakini si mara mbili. Mpe mguu wa nyuma wenye sentimita 8.5 ukiupima mfupa kwa mfupa, kisha upinde goti na kisigino hadi nyonga zikae kwenye urefu wa sentimita 6. Mgongo bado unateremka vikali. Hatua ikifika mwisho wake, mguu unahitaji kunyooka hadi sentimita 7.4 hivi tu, na urefu huo anao na ziada. Mwili unapita juu yake bila kudunda. Jicho la mtazamaji limepewa ule ule mteremko uliompendeza, na mwenye kuchora amebakiwa na mguu unaofanya kazi.

Katuni ya kuchorwa kwa mkono hupita fremu 24 kwa sekunde, na mara nyingi mchoro mmoja hushikiliwa kwa fremu mbili. Tukimpa fisi wetu mzunguko wa sekunde moja, tuna michoro 12. Mguu wa nyuma wa kushoto ukanyage kwenye mchoro wa 1, wa mbele wa kushoto kwenye wa 4, wa nyuma wa kulia kwenye wa 7, na wa mbele wa kulia kwenye wa 10. Kwa mpango huo, nyonga zikiwa juu mabega yako chini, na zikishuka mabega yanapanda, na mwendo wa kuyumba wa fisi unajitokeza wenyewe. Mimi hufanya jaribio hili kwa mistari ya mifupa peke yake kabla ya kuchora hata sikio moja, kwani sura ikishapendwa na kila mtu ni vigumu kuirudia miguu.

Uso una kanuni yake. Kwa filamu ya Bambi, iliyotoka mwaka 1942, studio ya Disney ililetewa ndama wawili wa paa hai kutoka jimbo la Maine, na msanii Rico Lebrun akawafundisha wachoraji mifupa na misuli yao. Marc Davis ndiye aliyeutafutia mwili ule wa kweli uso wenye uwiano wa mtoto mchanga: paji pana, macho makubwa yaliyokaa chini, pua fupi. Kwa fisi wetu tunaweza kukopa macho na paji, na masikio ya mviringo tayari anayo. Taya nisingeligusa. Ni taya la kuvunja mifupa, na upana wa kichwa chake unatokana na misuli yake. Ukilipunguza, unabaki na kijibwa chenye madoa. Jaribio ni kumpaka weusi mtupu na kumpunguza hadi sentimita 2. Mtu asiyejua kazi yako akisema ni mbwa, kosa liko kwenye shingo au nyonga, na macho mazuri hayatalificha.

Yamebaki madoa. Tukio la sekunde 10 lina michoro 120, na fisi mwenye madoa 40 atakudai madoa 4,800, ambayo yakikosewa kidogo yataonekana yanatambaa juu ya ngozi kama siafu. Katuni ya Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, ilijaza wanyama wake nukta na mistari ya uchoraji wa Tingatinga bila hasara hiyo, kwa kuwa kwenye kompyuta kiungo huchorwa mara moja kisha kikasogezwa na madoa yake. Kwa mkono, fisi wetu apewe madoa tisa: matatu begani, manne pajani, mawili shingoni. Katikati ya ubavu pabaki patupu, maana hapo ngozi hunyooka na kujikunja.