Karafuu Isigeuke Msumari

Tuseme mfanyabiashara wa viungo wa Unguja ana bidhaa 40 na anataka duka lake la mtandaoni lisomeke kwa Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Hayo ni maelezo 160. Programu ya kuzalisha maandishi huyamaliza upesi, lakini kasoro hujitokeza mnunuzi anapoanza kusoma.

Chukua karafuu. Kifaransa huiita `clou de girofle`, na `clou` peke yake ni msumari. Kijerumani kina `Nelke`, ambalo pia ni jina la ua. Kwa Kiingereza, `clove` ni karafuu, na vilevile ni punje ya kitunguu saumu, ambayo Mfaransa huiita `gousse`. Programu ikiandika kila bidhaa kivyake, ukurasa mmoja hupata neno hili na mwingine lile. Mteja akitafuta dukani kwa neno moja, nusu ya karafuu haimtokei.

Dawa yake ni faharasa: jedwali ambalo kila istilahi ina mstari wake, jina lililokubaliwa kwa kila lugha, na neno lililopigwa marufuku.

```
id;sw;en;fr;de;marufuku
V01;karafuu;cloves;clous de girofle;Gewürznelken;fr:gousse
```

Safu ya mwisho inataka uangalifu. `Gousse` ni kosa kwenye karafuu, ila kwenye vanila ndilo neno lenyewe, `gousse de vanille`. Kwa hiyo marufuku hufungwa kwenye bidhaa husika, si kwenye lugha nzima.

Programu haipewi faharasa yote kwa mkupuo. Kwa kila bidhaa hupewa mistari inayoihusu tu, pamoja na sifa zake: uzito, asili, aina ya kifungashio. Uzito wenyewe hauandikwi na programu. Huachiwa nafasi, kisha tarakimu huchomekwa kutoka kwenye jedwali la bidhaa, ili gramu 100 zisije zikawa 1,000.

Baada ya hapo hufuata ukaguzi. Kikaguzi hupitia kila maelezo kikiuliza: neno lililokubaliwa limo? Lililokatazwa halimo? Kikitafuta neno zima tu, kitalalamika bure, kwa sababu umoja wa `Gewürznelken` ni `Gewürznelke`. Heri kitafute sehemu isiyobadilika. Hata hivyo, hakitaona sentensi yenye neno sahihi lakini maana iliyopinda. Hiyo huonwa na msomaji wa lugha hiyo, walau kwa kurasa chache za kila kundi.

Siku istilahi ikibadilishwa, namba `V01` ndiyo itakayoonyesha kurasa za kuandikwa upya. Kama bidhaa za karafuu ni sita na lililobadilika ni neno la Kifaransa, kazi ni kurasa sita, si 160. Kwa hiyo anza na faharasa kabla ya ukurasa wa kwanza. Ukichelewa, utakuwa unasahihisha duka zima.