Bawasiri: Ikiwa unameza dawa za kuzuia damu kuganda, mwambie daktari mapema

Watu wengi wenye bawasiri huona damu nyekundu wanapoenda haja kubwa. Kwa kawaida huwa matone machache ambayo hukoma yenyewe. Lakini kwa mgonjwa anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, damu hiyo hukawia kukoma.

Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba ndani au kando ya njia ya haja kubwa. Dawa za kuzuia damu kuganda hazisababishi bawasiri. Kazi yake ni kuchelewesha kuganda kwa damu, hivyo mkwaruzo mdogo wa choo kigumu huendelea kuvuja.

Chukua mfano wa mwanamume wa miaka 52, mkazi wa Nakuru, aliyewekewa vali ya chuma moyoni baada ya vali yake kuharibiwa na homa ya baridi yabisi. Humeza warfarini kila jioni. Bawasiri zinapoanza kumsumbua, anashauriwa zifungwe kwa raba. Katika tiba hii, daktari hubana shina la bawasiri kwa mpira mdogo ili likose damu, linyauke na kudondoka.

Mgonjwa huyu anaogopa kuvuja damu, kwa hivyo anaacha warfarini siku tano kabla bila kumwambia mtu. Siku ya kufungwa raba mambo yanakuwa shwari, na usiku huo anarudia dawa yake. Siku ya nane, akiwa kazini, anaenda msalani na kujaza bakuli damu.

Alikosea wapi? Hatari kubwa ya tiba hii haiko siku ya kwanza. Bawasiri iliyofungwa hudondoka baada ya siku tano hadi kumi hivi na kuacha kidonda. Warfarini nayo huchukua siku kadhaa kupata nguvu tena. Kwa hivyo damu yake ilikuwa nyepesi wakati ule ule kidonda kilipofunguka. Isitoshe, siku zile alizokaa bila dawa, damu ingeweza kuganda kwenye vali na kumletea kiharusi.

Angalimwambia daktari, huenda bawasiri hizo zisingalifungwa raba kamwe. Daktari angeweza kuchagua sindano ya kunyausha bawasiri, ambayo kwa kawaida haileti damu nyingi, au angeanza kwa kulainisha choo na kurekebisha kiwango cha warfarini. Uamuzi wa kusimamisha dawa au kuendelea nayo hufanywa na daktari wa upasuaji akishauriana na yule wa moyo.

Kwa hivyo, kabla hujakubali kufanyiwa lolote, mweleze daktari mambo haya. Kwanza, jina la dawa na kipimo chake. Beba pakiti yenyewe. Iwe ni warfarini, rivaroksabani, apiksabani, klopidogreli au hata aspirini ndogo ya kila siku, itaje. Pili, sababu ya kuitumia: vali ya chuma, damu iliyoganda mguuni au mapigo ya moyo yasiyo sawa. Tatu, saa uliyomeza mara ya mwisho. Nne, ikiwa ni warfarini, matokeo ya mwisho ya kipimo cha INR na tarehe yake. Wagonjwa wengi hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3, ingawa wenye vali za chuma mara nyingi huwekewa kiwango cha juu kidogo. Tano, taja ugonjwa wa figo au ini, ikiwa unao.

Usisahau dawa unazonunua mwenyewe dukani. Brufeni na diklofenaki huzidisha uvujaji. Metronidazoli, ambayo wengi huiita flajili na ambayo hutolewa mara kwa mara baada ya upasuaji wa bawasiri, huongeza nguvu za warfarini. Ukiandikiwa, uliza kama INR itapimwa tena baada ya siku chache.

Jambo jingine ni kwamba si kila damu inayotoka nyuma ni ya bawasiri. Dawa hizi zinaweza kufanya uvimbe au saratani ya utumbo mkubwa ianze kuvuja damu mapema. Ukiona damu, usiilaumu dawa tu, omba uchunguzwe.

Nenda hospitalini mara moja damu isipokoma, ikitoka na mabonge, choo kikiwa cheusi kama lami, au ukihisi kizunguzungu na moyo kwenda mbio. Ukifika, taja dawa yako kabla hujaulizwa. Na uliyefungwa raba, usisafiri mbali na hospitali katika wiki mbili za kwanza.