Kwa Nini Atomi ya Klorini ni Ndogo Kuliko ya Sodiamu

Chumvi ya mezani huundwa na elementi mbili zilizo kwenye mstari mmoja wa jedwali la elementi: sodiamu, namba 11, na klorini, namba 17. Klorini ina elektroni sita zaidi, na ni nzito zaidi. Mtu angedhani atomi yake ndiyo pana. Sivyo: nusukipenyo cha sodiamu ni pikomita 186 hivi, cha klorini 99 tu.

Elektroni hukaa kwa matabaka. Atomi zote mbili zina elektroni 10 katika matabaka mawili ya ndani, nazo huwakinga wenzao wa nje dhidi ya mvuto wa kiini. Kinga hiyo haibadiliki, ila protoni zimepanda kutoka 11 hadi 17. Ukitoa 10, sodiamu inabaki na chaji moja ya kuvutia elektroni yake ya nje. Klorini inabaki na saba. Zile elektroni sita zilizoongezeka zimeingia tabaka lilelile la tatu, na walio tabaka moja hawakingani sana. Basi zote huvutwa ndani. Ndiyo maana kung'oa elektroni moja kwa kila atomi katika moli ya gesi ya sodiamu hudai kilojuli 496, na klorini 1,251. Hiyo ndiyo nishati ya uionishaji.

Lakini hesabu ya kutoa 10 ni ya haraka mno. Kinga ya sodiamu ingekuwa kamili, elektroni yake ingekuwa sawa na ya haidrojeni iliyopandishwa hadi tabaka la tatu, na gharama ingekuwa 1,312 ÷ 9, yaani kilojuli 146. Kipimo halisi ni zaidi ya mara tatu ya hapo. Kinga ni pazia lenye matundu: elektroni ya nje hupenya mara kwa mara hadi karibu na kiini.

Kupenya huko hakulingani, na alumini inaonyesha hivyo. Magnesi hudai 738. Alumini, yenye protoni moja zaidi, hushuka hadi 578. Elektroni ya mwisho ya magnesi iko katika obiti ya 3s, inayopenya vizuri. Ya alumini iko 3p: haipenyi sana, na zile mbili za 3s zinaikinga kidogo. Salfa nayo hushuka kidogo chini ya fosforasi, 1,000 dhidi ya 1,012, ila kwa sababu nyingine: elektroni mbili zimebanana katika obiti moja na zinasukumana.

Ukishuka safu ya sodiamu, potasiamu ina protoni 19, lakini hudai 419 tu. Elektroni 18 zinakinga, na ile ya nje iko mbali, tabaka la nne.

Tahadhari moja kuhusu vipimo. Atomi haina ukingo. Nusukipenyo ni nusu ya umbali kati ya viini viwili jirani. Argoni haifungamani, kwa hiyo hupimwa kwa atomi zilizogusana tu, na katika baadhi ya majedwali huonekana pana kuliko klorini. Upana huo umetokana na njia ya kupima.