Kuwasha Biti Moja Bila Kugusa Jirani Zake

Kwenye bodi ya Arduino Uno kuna taa ndogo yenye herufi L pembeni yake. Taa hiyo imeungwa kwenye pini namba 13, ambayo ndani ya chipu ya ATmega328P ni biti namba 5 ya rejista iitwayo PORTB. Rejista hiyo ina biti nane, zinazohesabiwa kuanzia 0 upande wa kulia. Pini ikishapangwa kuwa ya kutoa umeme, biti yake ikiwa 1 pini hutoa volti 5, na ikiwa 0 hutoa sifuri.

Tatizo ni kwamba lugha ya C huiona PORTB kama namba moja nzima. Tuseme fundi ameunga rilei ya pampu kwenye pini 8, yaani biti 0, na rilei ya feni kwenye pini 10, yaani biti 2. Vyote viwili vinafanya kazi, kwa hiyo PORTB ina 00000101. Sasa anataka kuwasha taa. Akiandika `PORTB = 32`, rejista inakuwa 00100000. Taa inawaka kweli, lakini pampu na feni zinazimika papo hapo, kwa sababu amezifuta biti zao bila kukusudia.

Dawa yake ni maski, yaani namba inayoonyesha biti ipi iguswe na zipi ziachwe. Kuitengeneza ni rahisi: unachukua 1 na kuisogeza kushoto hadi kwenye nafasi unayoitaka. `1 << 5` huisogeza hatua tano, ukapata 00100000. Kisha unaiunganisha maski hiyo na yaliyomo kwenye rejista:

```c
PORTB |= (1 << 5);   // washa
PORTB &= ~(1 << 5);  // zima
PORTB ^= (1 << 5);   // geuza
```

Mstari wa kwanza unatumia AU. Biti ikikutana na 0 ya maski hubaki ilivyo, na ikikutana na 1 huwa 1. Hivyo 00000101 inakuwa 00100101: taa imewaka, pampu na feni hazikuguswa.

Kuzima kunatumia NA, ambayo sheria yake ni kinyume: biti ikikutana na 1 hubaki, ikikutana na 0 huzimwa. Ndiyo maana maski hugeuzwa kwanza kwa alama ya `~`, ikawa 11011111. Hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Mtu akiandika `!` badala ya `~`, maski nzima inakuwa sifuri, na kila kilichoungwa kwenye PORTB kinazimika pamoja na taa. Akisahau alama hiyo kabisa, taa haizimiki, ila vingine vyote vinazimika.

Mstari wa tatu hugeuza hali: iliyowaka inazimika, iliyozimika inawaka, na biti zilizokutana na 0 hazibadiliki. Lakini mstari huu una hatari iliyojificha. Kuwasha na kuzima biti isiyobadilika namba kwenye PORTB, kompaila kwa kawaida hukufanya kuwa amri moja ya chipu, SBI au CBI. Kugeuza kwa `^=` hakuna amri ya namna hiyo. Chipu husoma rejista nzima, hubadilisha nakala yake, kisha huiandika tena.

Sasa, tuseme katikati ya hatua hizo kazi ya dharura ya programu inaingia na kuwasha pampu. Ikimaliza, hatua ya mwisho inaandika nakala ya zamani, ambamo pampu bado imezimwa. Pampu inazimika mara moja, bila mstari wowote kuiamuru. Dalili yake ni kosa linalotokea mara mojamoja, tena lisilorudi ukilitafuta.

Kwa ATmega328P kuna njia salama: kuandika 1 kwenye rejista ya PINB hugeuza biti husika ya PORTB moja kwa moja, na sifuri hazifanyi lolote.

```c
PINB = (1 << 5);
```

Hapa, tofauti na mwanzo, alama ya `=` peke yake ndiyo sahihi. Chipu ya zamani ya ATmega8 haina uwezo huo. Huko utalazimika kuzuia kazi za dharura kwa muda mfupi wakati wa kugeuza.

Kwa hiyo, fundi mwenzangu, rilei ikizimika bila kuamriwa, usikimbilie kununua nyingine. Pitia kwanza kila mstari unaoandika PORTB, na ujiulize unaziacha vipi zile biti saba usizozitaja.